Kutoka Tamati ya -es hadi Ritifaa: Historia ya Umilikishi wa Kiingereza na Sentensi za Baruapepe za Wazungumzaji wa Kiswahili

Ikisiri

Wazungumzaji wa Kiswahili wanaoandika baruapepe za kikazi kwa Kiingereza hutumia mara nyingi kirai kama *the policy of company* mahali ambapo mwandishi mwingine angeandika *the company's policy*. Kwa kawaida kosa hilo huelezwa kuwa ni la kuchagua *of* badala ya ritifaa na *s*. Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo yanachanganya mambo mawili. Yakifuata historia ya umilikishi wa Kiingereza tangu Kiingereza cha Kale, yanaonesha kwamba lugha hiyo ilipoteza upatanisho wa kibainishi na nomino ya mmiliki, upatanisho ambao Kiswahili kinao upande wa pili, yaani baina ya A-unganifu na nomino ya kinachomilikiwa. Kutokana na tofauti hiyo, kasoro ya kisarufi katika *the policy of company* imo katika kibainishi kilichokosekana, ilhali uchaguzi wa *of* ni suala la mtindo. Makala yanachambua mfano mmoja wa baruapepe hatua kwa hatua na kupendekeza utaratibu wa kubaini chanzo cha kasoro kabla ya kuirekebisha.

1.0 Utangulizi

Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki, mazungumzo ya mdomo huendeshwa kwa Kiswahili, lakini baruapepe zinazokwenda kwa mteja, mfadhili au makao makuu huandikwa kwa Kiingereza. Mwandishi wa baruapepe hana muda wa kutosha wa kupitia rasimu, na msomaji wake hana sauti wala uso wa mwandishi wa kumsaidia kukisia maana. Kwa hiyo kirai kidogo cha umilikishi, ambacho katika mazungumzo kingepita bila kutambuliwa, hubaki kwenye skrini na kusomwa kama kipimo cha umahiri wa mwandishi.

Kirai kinachochunguzwa hapa ni hiki:

(1) the policy of company

Kiswahili chake ni *sera ya kampuni*, na mfuatano wa maneno katika lugha zote mbili unalingana: kinachomilikiwa, kiunganishi, mmiliki. Mwalimu au mhariri anayekutana na mfano (1) kwa kawaida huufuta na kuandika *the company's policy*, kisha humweleza mwandishi kwamba Kiingereza hupendelea ritifaa. Marekebisho hayo yanaleta kirai sahihi, lakini maelezo yanayoyasindikiza hayamsaidii mwandishi, kwa sababu *the policy of the company* nacho ni kirai sahihi kabisa ingawa kina *of*. Kilichotofautisha kirai sahihi na kisicho sahihi ni neno moja tu, *the* ya pili. Ili kueleza kwa nini neno hilo lina uzito kiasi hicho katika umbo moja na halihitajiki katika umbo jingine, ni lazima kurudi nyuma miaka elfu moja.

2.0 Kiingereza cha Kale: lugha yenye upatanisho wa mmiliki

Kiingereza cha Kale kilikuwa na mfumo wa uhusika. Nomino ilibadilika umbo kwa kadiri ya kazi yake katika sentensi, na uhusika milikishi ulikuwa na tamati zake. Nomino nyingi za jinsia ya kiume na za jinsia isiyo ya kiume wala ya kike zilichukua *-es* katika umoja. Nyingi za kike zilichukua *-e*. Kundi jingine lilichukua *-an*. Na katika wingi tamati ya kawaida ilikuwa *-a*. Mwana wa mfalme aliitwa *þæs cyninges sunu*, na mwana wa malkia aliitwa *þǣre cwēne sunu*.

Jambo la kuzingatia katika mifano hiyo miwili haliko kwenye tamati za nomino peke yake. Liko katika maneno *þæs* na *þǣre*. Hayo ni maumbo ya kibainishi ambacho baadaye kilikuja kuwa *the*, na yote mawili yamo katika uhusika milikishi, yakipatana na mmiliki kwa jinsia na idadi. Msikilizaji wa wakati huo hakuhitaji kujiuliza kama kibainishi ni cha mfalme au cha mwana: umbo lake lilimjibu. Kibainishi kilikuwa mali ya mmiliki.

Neno *of* lilikuwapo pia, lakini kazi yake ya msingi ilikuwa kuonesha mahali ambapo kitu kimetoka. Maana yake ilikaribia *kutoka* ya Kiswahili kuliko *-a*, na lina asili moja na *off* ya leo. Kwamba neno la kuonesha chanzo linaweza kugeuka kuwa la kuonesha umiliki si jambo la ajabu: Kifaransa kilifanya hivyo kwa *de*, iliyorithiwa kutoka Kilatini ikiwa na maana hiyohiyo ya kutoka. Kiingereza kilifuata njia hiyo, na kuwepo kwa Kifaransa katika utawala wa Uingereza baada ya mwaka 1066 kulichangia kuiimarisha, ingawa kumomonyoka kwa tamati za uhusika ndiko kulikoifungua.

Kasi ya mabadiliko hayo inajulikana kutokana na hesabu iliyofanywa na Russell Thomas mwaka 1931. Katika matini alizozikagua, *of* ilibeba takriban asilimia 1 tu ya umilikishi wa nomino mwanzoni mwa karne ya 11. Katika karne ya 12 ilifikia asilimia 6.3, katika karne ya 13 asilimia 31.4, na katika karne ya 14 asilimia 84.4. Kwa maneno mengine, katika muda wa vizazi vichache umbo lililokuwa nadra likawa ndilo la kawaida, na tamati ikabaki kuwa umbo la wachache.

3.0 Kupotea kwa upatanisho na kuzaliwa kwa umbo jipya

Tamati haikufa kabisa. Ilibaki *-es* peke yake, ikaenezwa hata kwa nomino ambazo hapo kale hazikuichukua, na ikabaki hasa mbele ya kinachomilikiwa na hasa kwa wamiliki ambao ni watu. Wakati huohuo vibainishi vilipoteza maumbo yake yote na kuwa *the* moja isiyobadilika. Hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo mwandishi wa baruapepe wa leo bado analilipia.

Katika kirai *the kinges sone* cha Kiingereza cha Kati, hakuna tena alama inayoonesha kwamba *the* ni ya mfalme. Kimaana ilibaki kuwa ya mfalme, lakini kimaumbo haikusema hivyo. Msikilizaji alilazimika kuijua kwa nafasi yake. Hatua iliyofuata ilikuwa ya kimuundo: kwa kuwa kibainishi na mmiliki vilikuwa kipande kimoja kilichosimama mbele ya kinachomilikiwa, kipande hicho chote kilianza kufanya kazi ya kibainishi cha kinachomilikiwa. Ndiyo maana leo nomino inayofuata ritifaa na *s* haihitaji wala hairuhusu kibainishi chake yenyewe. Mwana wa mfalme ni mwana mahususi kwa sababu mfalme wake ameshatajwa mbele yake.

Ushahidi kwamba tamati ilikwisha kuacha kuwa tamati ya neno unaonekana katika virai virefu. Awali Kiingereza kilikigawa kirai cha mmiliki pande mbili: *the king's son of England*, ambapo Uingereza ni ya mfalme na si ya mwana. Kuelekea mwisho wa Kiingereza cha Kati mpangilio huo ulianza kuachwa, na mahali pake pakaja *the king of England's son*. Katika kirai hiki cha pili *s* imeshikamana na neno *England*, ingawa mmiliki ni mfalme. Kiambishi cha uhusika hakiwezi kufanya hivyo. Kilichofanya hivyo ni klitiki, yaani kipashio kinachoegemea neno la mwisho la kirai kizima bila kujali neno hilo ni lipi.

Waandishi wa karne ya 16 na ya 17 walihisi kwamba kipashio hicho si tamati ya kawaida, wakakitafutia maelezo. Maelezo yaliyoenea ni kwamba *s* ni ufupisho wa *his*, kwa kuwa *his* isiyotiliwa mkazo ilitamkwa sawa na tamati hiyo. Ndiyo maana tamthilia ya Ben Jonson iliyochapishwa mwaka 1605 iliitwa *Sejanus His Fall*, ingawa Jonson mwenyewe aliukosoa muundo huo katika kitabu chake cha sarufi kilichochapishwa mwaka 1640, baada ya kifo chake. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1762, Robert Lowth katika sarufi yake aliyakataa maelezo ya ufupisho na kuirejesha *s* kwenye asili yake ya uhusika milikishi wa kale.

Kwa msomaji wa Kiswahili, muundo huo uliokataliwa hauna ugeni wowote. *Mfalme mwanawe amefariki* ni sentensi ya kawaida: mmiliki hutangulizwa kama mada, na kimilikishi kinachorejea kwake huambatana na kinachomilikiwa. Hata bila kumtanguliza mmiliki, Kiswahili husema *babake Juma* kando ya *baba wa Juma*. Waingereza wa karne ya 16 walikuwa wakijaribu kuueleza umilikishi wao kwa muundo ambao Kiswahili kinautumia mpaka sasa.

4.0 Ritifaa iliwasili mwisho

Ritifaa iliingia katika maandishi ya Kiingereza katika karne ya 16 kutoka desturi ya wachapaji wa Kifaransa. Kazi yake ilikuwa kuonesha herufi iliyodondoshwa. Ilipowekwa mbele ya *s* ya umilikishi ilionesha *e* ya *-es* iliyoacha kutamkwa, na kwa walioamini hadithi ya *his* ilionesha *hi* iliyomezwa. Katika umoja ilizoeleka kufikia mwishoni mwa karne ya 17. Katika wingi, baada ya *s*, ilichelewa hadi karne ya 18. Ni alama ya wachapaji iliyotangulia kuwekwa, kisha wanasarufi wakaipa kanuni.

Matokeo yake kwa mwandishi wa leo ni kwamba maumbo matatu yenye matamshi mamoja yanatofautishwa kwa macho tu: *companies*, kampuni nyingi, *company's*, ya kampuni moja, *companies'*, ya kampuni nyingi. Mwandishi wa Kiswahili anaifahamu ritifaa katika *ng'ombe* na *ng'oa*, ambamo hubainisha sauti. Hajazoea ritifaa isiyosikika ambayo kazi yake ni ya kisarufi pekee. Kuikwepa kwa kuandika *of* ni uamuzi wenye busara, kwa sababu *of* hutamkwa, huonekana, na haibadiliki.

5.0 A-unganifu na mlinganyo wa wanasarufi wa kwanza

A-unganifu ya Kiswahili hupatana na nomino inayotangulia, yaani kinachomilikiwa: *sera ya*, *kitabu cha*, *mlango wa*, *viti vya*. Haimpatanishi mmiliki na chochote, wala haijali kama mmiliki ana uhai. Kazi zake ni nyingi kuliko umiliki. Huonesha kitu kilichotengenezewa, kama katika *meza ya mbao*. Kusudi, kama katika *maji ya kunywa*. Wakati, kama katika *kikao cha kesho*. Na nafasi katika mfuatano, kama katika *ukurasa wa pili*.

Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, aliwaeleza wasomaji wake Waingereza kwamba *-a* ndiyo inayosimama mahali pa *of*. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili mlinganyo huo ulifaa. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikuwa mwangalifu zaidi: aliiita *-a* ya uhusiano, jina linalokiri kwamba umiliki ni sehemu tu ya kazi yake. Hata hivyo ni mlinganyo mfupi uliobaki darasani, na ulipogeuzwa kumfundisha Mswahili Kiingereza ukawa na madhara, kwa kuwa *-a* ni pana kuliko *of* na ina kitu ambacho *of* haina.

Kitu hicho ni upatanisho. Tazama virai hivi viwili:

(2) kitabu cha sera za kampuni

(3) kitabu cha sera cha kampuni

Katika (2), *za* inasema kwamba sera ndizo za kampuni. Katika (3), *cha* inasema kwamba kitabu ndicho cha kampuni. Kiingereza kikiandika *the book of policies of the company*, tofauti hiyo inapotea. Mwandishi anayefikiri kwa Kiswahili huona mnyororo wa *of* ukiwa wazi kwa sababu akilini mwake kila kiungo kimefungwa kwa ngeli. Msomaji wake huona maneno matatu yasiyobadilika na hulazimika kukisia kipi ni cha nani. Hapa Kiingereza hutumia *s* kuvunja mnyororo: *the book of the company's policies* kwa (2), na *the company's policy book* kwa (3).

Kwa hiyo lugha hizi mbili zimekuwa na upatanisho, lakini kila moja upande wake. Kiingereza cha Kale kilipatanisha kibainishi na mmiliki, kikaupoteza upatanisho huo. Kiswahili kinapatanisha kiunganishi na kinachomilikiwa, na kimeuhifadhi. Kibainishi cha mmiliki, ambacho ndicho kiini cha historia yote iliyoelezwa hapo juu, hakina mwenzake wa lazima katika Kiswahili, kwa sababu *kampuni* inaweza kuwa kampuni fulani au kampuni yoyote bila kubadilika.

6.0 Uchambuzi wa mfano wa baruapepe

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu, lakini kila kirai chake ni cha aina inayokutwa katika mawasiliano ya ofisini:

(4) I have attached the policy of company. The deadline of submission of forms is Friday. We shall discuss it in the meeting of tomorrow, together with the Juma's report.

Kirai cha kwanza, *the policy of company*, kina nomino mbili na kibainishi kimoja. Kwa kuwa muundo wa *of* hauigeuzi nomino ya mmiliki kuwa kibainishi, kila nomino inapaswa kujitegemea: *the policy of the company*. Upungufu huu si mdogo kimaana. *Company* isiyo na kibainishi katika umoja husomwa kama nomino isiyohesabika, na ikiwa hivyo maana yake ni ushirika, yaani kuwa pamoja na watu. Ndiyo maana *the pleasure of company* ni kirai sahihi chenye maana ya raha ya kuwa na wenzako. Msomaji wa mfano (4) hatachanganyikiwa kabisa, lakini atakwama kwa nukta moja.

Inawezekana pia kwamba mwandishi ameiona mara nyingi *company* bila kibainishi katika *company policy*, ambako ni sahihi. Huko, hata hivyo, *company* si mmiliki bali ni kivumishi cha aina ya sera, kama *mbao* katika *meza ya mbao*. Kugeuza mfuatano na kuingiza *of* kunairudishia hadhi ya nomino kamili, na nomino kamili hudai kibainishi.

Kirai cha pili, *the deadline of submission of forms*, hakina umiliki hata kidogo. Kiswahili chake ni *tarehe ya mwisho ya kuwasilisha fomu*, na A-unganifu ya pili hapo inaonesha kusudi. Kiingereza kinataka *the deadline for submitting forms*. Kuweka ritifaa hapa hakungesaidia. Tatizo ni kwamba kazi mojawapo ya *-a* imetafsiriwa kwa *of* pasipostahili.

Kirai cha tatu, *the meeting of tomorrow*, kinaigusa kanuni ya shuleni isemayo kwamba ritifaa na *s* ni za viumbe hai na *of* ni ya vitu. Kesho haina uhai, lakini Kiingereza husema *tomorrow's meeting*, na vivyo hivyo *two weeks' leave*. Maneno ya wakati yaliibakisha *s* tangu zamani. Kanuni hiyo ya shuleni pia humsukuma mwandishi kuikwepa *the company's policy*, kwa hoja kwamba kampuni si kiumbe. Kihistoria kanuni hiyo ina msingi, kwa kuwa katika Kiingereza cha Kati *s* ilibaki hasa kwa watu. Lakini matumizi yake yamepanuka tena. Lars Hinrichs na Benedikt Szmrecsanyi, katika utafiti wao wa mwaka 2007 uliolinganisha magazeti ya Uingereza na Marekani ya miaka ya 1960 na ya 1990, walionesha kwamba *s* imeendelea kuongezeka dhidi ya *of*. Katika Kiingereza cha leo taasisi, miji na nchi huchukua *s* bila kumshangaza msomaji.

Kirai cha nne, *the Juma's report*, kinaonekana kuwa kinyume cha kile cha kwanza, kwa kuwa kibainishi kimezidi badala ya kupungua. Kwa kweli chanzo ni kimoja. Mwandishi ameiweka *the* kwa ajili ya ripoti, ilhali katika muundo huu *the* yoyote iliyotangulia ni ya mmiliki, kama ilivyokuwa *þæs* ya mfalme. Juma ni jina la mtu na halichukui kibainishi. Hivyo *Juma's report* inatosha. Anayeandika *the policy of company* na anayeandika *the Juma's report* wote wawili wanakiona kibainishi kuwa mali ya kinachomilikiwa peke yake.

7.0 Namna ya kubaini chanzo

Uchambuzi huu unaonesha kwamba kasoro zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na vyanzo tofauti, na mhariri au mwalimu anahitaji kuvitenganisha. Hatua ya kwanza ni kuitazama baruapepe yote, si kirai kimoja. Ikiwa mwandishi ameandika pia *on last page* au *please inform manager*, basi kibainishi kinakosekana hata pasipo na umilikishi, na kumfundisha ritifaa hakutatibu chochote. Ikiwa vibainishi vyake vingine vimekaa sawa na vinapotea baada ya *of* tu, chanzo kinaelekea kuwa A-unganifu au *company policy* iliyogeuzwa.

Hatua ya pili ni kuuliza kama *of* inabeba uhusiano unaostahili. Iwapo tafsiri ya Kiswahili inaweza kuandikwa kwa *kwa ajili ya* au *kuhusu* bila kupoteza maana, kwa kawaida Kiingereza kitataka kihusishi kingine.

Hatua ya tatu, inayokuja baada ya sarufi kukaa sawa, ni kuchagua baina ya *the policy of the company* na *the company's policy*. Hapa mambo mawili yana nguvu zaidi. La kwanza ni urefu: mmiliki mfupi hutangulia kwa urahisi, ilhali mmiliki mrefu, kwa mfano kampuni iliyofuatiwa na kishazi kirejeshi, hufaa kubaki nyuma baada ya *of*. La pili ni taarifa: mmiliki aliyekwisha kutajwa katika sentensi iliyopita hutangulia, kwa sababu msomaji anamjua. Katika baruapepe za kikazi kampuni kwa kawaida inajulikana na jina lake ni fupi, na hiyo ndiyo sababu *the company's policy* husikika ya kawaida zaidi. Haitokani na kosa lolote katika *of*.

Ni muhimu kuweka mpaka wa hoja hii. Kukosekana kwa kibainishi si alama ya Kiswahili pekee. Wazungumzaji wa lugha nyingine nyingi zisizo na vibainishi hufanya hivyohivyo, na kirai kimoja kilichotengwa hakimtambulishi mwandishi. Linalotofautisha ni umbo zima la kasoro. Kiarabu, kwa mfano, huweka kibainishi kwa mmiliki na kukiondoa kwa kinachomilikiwa, kama katika *siyasat al-sharika*. Mzungumzaji wake akihamisha muundo huo neno kwa neno, kinachotarajiwa ni *policy of the company*, yaani kinyume cha mfano (1).

8.0 Hitimisho

Historia ya umilikishi wa Kiingereza ni historia ya kibainishi kilichopoteza upatanisho wake na kubaki na mmiliki kwa nguvu ya nafasi tu. Umbo lenye *s* lilimfanya mmiliki na kibainishi chake kuwa kibainishi cha kinachomilikiwa. Umbo lenye *of* liliziacha nomino mbili kila moja na mahitaji yake. Mwandishi wa *the policy of company* amechagua umbo la pili na kulihesabia vibainishi vya umbo la kwanza. Marekebisho yanayomwambia aache *of* yanamwondolea umbo ambalo ni sahihi, ambalo lugha yake mwenyewe inamwezesha kulitumia kwa urahisi, na ambalo limebeba sehemu kubwa ya umilikishi wa Kiingereza tangu karne ya 14. Yanamwacha pia bila maelezo siku atakapoandika *the Juma's report*. Kwa walimu wa Kiingereza katika shule na vyuo vya Afrika Mashariki, inafaa somo la umilikishi lianze na swali la kila nomino na kibainishi chake, na ritifaa ifuate baadaye.